Kazi za Kuacha na Kazi za Kukabidhi

Soma Matendo 6:1–7, Kutoka 18:13–27, Marko 7:9–13.

Hakuna kikao kilichoketi Yerusalemu kikaamua kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani wasipewe chakula. Luka hasemi kwamba kulikuwa na chuki wala wizi. Anasema hesabu ya wanafunzi ilikuwa ikiongezeka, na katika huduma ya kila siku wajane hao wakasahauliwa. Kazi ilikua, mikono ikabaki ile ile, na kilichoanguka kikaanguka upande ambao wasimamizi hawakuwa wakiutazama. Wajane wenyewe hawakufika mbele ya mitume. Ni watu wa lugha yao waliowanung'unikia.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila mtu aliyelemewa anapouliza swali ambalo waumini wengi huliuliza kwa sauti ya chini: je, ni halali kuacha kazi niliyokubali kuifanya, hasa kazi ya Bwana? Swali ni zuri, ila mara nyingi huja limechelewa. Mtu mwenye kazi nyingi kuliko saa zake ameshaanza kuacha. Kila juma kuna kitu alichoahidi ambacho hakikufanyika. Ameacha bila kuchagua, bila kumwambia anayehusika, na kwa kawaida ameacha kile ambacho mwenyewe hana sauti ya kulalamika. Kwa hiyo swali la kweli ni nani anayeachwa sasa hivi, na kama anajua kwamba ameachwa.

Mchukulie mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika mji mdogo kando ya Ziwa Viktoria, mama wa watoto watatu, anayefahamika kuwa mtu asiyekataa. Ni mhazini wa kanisa. Anafundisha darasa la watoto katika Shule ya Sabato. Ni mwandishi wa kikoba cha akina mama kinachokutana kila Jumatano. Anaimba kwaya, yenye mazoezi mara mbili kwa juma. Huwekwa kwenye kamati za harusi kwa sababu anajua kutunza fedha. Katika kundi la ukoo kwenye simu, yeye ndiye anayekusanya michango ya misiba na kuwakumbusha wasiotoa. Kwa niaba ya Dorkasi aliahidi kumtembelea kila Alhamisi bibi mjane ambaye macho yake yamepungua, ampelekee mboga na kumsomea. Na mara moja kwa mwezi humpeleka mama yake mzazi kliniki ya shinikizo la damu.

Hata moja kati ya hizo si mbaya, na ndiyo maana shauri la kawaida, la kwamba mtu aache yasiyo na maana, halimsaidii. Kila moja ina maana. Akiambiwa apange kwa umuhimu, ataweka kazi za kanisa juu na nyingine chini, kisha ataona aibu kufuta chochote.

Kazi yake ya kwanza ni kuandika, na aandike yanayojirudia tu. Msiba wa jirani juma lililopita hauhesabiwi, umekwisha. Yanayomla mtu ni yale yanayorudi kila juma na kila mwezi, kwa sababu yalikubaliwa mara moja na hayakuulizwa tena. Mbele ya kila kazi aweke saa zake zote, si zile za kikao peke yake. Kazi ya mhazini haiishii kwenye kuhesabu bahasha baada ya Sabato. Kuna kuandika risiti, kwenda benki Jumatatu baada ya vipindi, na taarifa ya mwisho wa mwezi kwenda Konferensi. Akigawanya yote kwa majuma, anapata saa 4. Kikoba, pamoja na kusawazisha daftari nyumbani, saa 4. Kwaya na njia yake, saa 5. Kamati za harusi 3, darasa la watoto pamoja na maandalizi 3, kundi la ukoo 2, bibi mjane 2, na kliniki ya mama yake, ikigawanywa, saa 1. Jumla ni saa 24. Kila juma, juu ya kazi ya mshahara na ya nyumbani, ameahidi usiku na mchana mzima ambao hana.

Kisha aongeze safu ya pili, ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayosema ukweli: katika mwezi uliopita kila kazi ilifanyika mara ngapi? Kikoba, mara 4 kati ya 4. Huko kuna faini ya kuchelewa. Kamati ya harusi, mara 4 kati ya 4, kwa kuwa mwenyekiti hupiga simu. Kwaya, mara 7 kati ya 8, kwani mahudhurio huitwa kwa majina. Darasa la watoto halikukosa, ingawa mara mbili alifundisha bila kujiandaa. Kliniki alimtuma binti yake wa kidato cha pili, aliyekosa masomo siku hiyo. Bibi mjane: Alhamisi 1 kati ya 4.

Safu hiyo ikitazamwa kwa utulivu, mtu anaona kwamba orodha yake ya kuacha ilikuwapo zamani. Iliandikwa na faini, simu na aibu. Wenye sauti walipata saa zao zote. Bibi hana simu, na hata kama angekuwa nayo, asingepiga kumlaumu mama wa watu aliyemfanyia wema. Mama mzazi hakulalamika kwa kuwa ni mama. Na mwalimu huyu hakuwahi kuamua kwamba sherehe ya harusi ni kubwa kuliko mjane. Angeulizwa, angeona swali lenyewe ni tusi.

Hapo ndipo maneno ya Yesu katika Marko 7 yanapouma. Watu wa korbani hawakuacha wazazi wao kwa uvivu. Walikuwa na sababu ya dini: mali imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, kwa hiyo baba na mama hawawezi kusaidiwa nayo. Yesu hakukubali kwamba wajibu uliovikwa jina la Mungu unafuta ule ambao Mungu mwenyewe aliuamuru. Kwa mtu anayetengeneza orodha yake, fundisho ni la moja kwa moja. Cheo cha kanisani hakipandi juu ya orodha kwa sababu tu ni cha kanisani. Kinahojiwa kama kazi nyingine.

Kuhojiwa huko huanza na swali moja: kazi hii ninamdai nani, au nani ananidai? Jibu liwe jina la mtu. Jibu la kwamba “kanisa linanidai” au “jamii inanidai” ni pana mno, halisaidii kuamua. Bibi mjane ana jina. Watoto 11 wa darasa la Sabato wana majina. Mama mzazi ni mmoja. Lakini kamati ya harusi inamdai nani? Aliwahi kukubali harusi moja. Ya pili na ya tatu zilikuja kwa mazoea. Wanaharusi wanastahili mchango wake na furaha yake, na hivyo vinawezekana bila kukaa vikao vya kila juma. Hii ni kazi ya kuacha tu, bila mrithi. Amwambie mwenyekiti wa kamati iliyopo kwamba atamaliza hesabu za harusi hiyo, na kwamba hataketi kwenye nyingine.

Swali la pili ni kama kazi inamhitaji yeye au inahitaji kufanyika. Yethro alipomkuta Musa akiamua mashauri tangu asubuhi hata jioni, hakumwambia kwamba mashauri hayo ni madogo. Alimwambia jambo hilo si jema, kwa kuwa atachoka yeye na watu walio pamoja naye. Sehemu hii ya pili husahauliwa. Foleni ilikuwa ndefu. Watu walisimama siku nzima wakisubiri mtu mmoja. Anayeshika kazi nyingi hudhani anabeba mzigo kwa niaba ya wengine, na kumbe mara nyingine wengine ndio wanaosimama juani kwa sababu yake. Musa alibakiza mambo machache: kuwakilisha watu mbele za Mungu, kuwafundisha amri, na kuamua mashauri magumu. Mengine yote yakaenda kwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi.

Kwa mwalimu wetu, kikoba na uhazini ni kazi zinazohitaji kufanyika, wala hazimhitaji yeye hasa. Haziwezi kuachwa ghafla, kwa sababu fedha za watu zimo ndani yake. Zinakabidhiwa, na kila moja ina majira yake.

Kikoba kina mzunguko, kwa kawaida wa mwaka mmoja au karibu na hapo, unaoishia kwenye kugawana akiba. Kubadili mwandishi katikati, wakati mikopo iko nje na hisa zinaendelea kununuliwa, ni kukaribisha ugomvi. Aseme mapema kwamba mzunguko ukifungwa hataandika tena, kisha achaguliwe mwanachama wa kujifunza. Majuma 6 ya mwisho yanatosha. Katika mawili ya kwanza yeye anaandika na mwenzake anatazama. Katika mawili yanayofuata mwenzake anaandika na yeye anatazama. Katika mawili ya mwisho yeye anakaa kwenye viti vya wanachama, mbali na meza, na daftari linasomwa kwa sauti mbele ya wote kabla ya sanduku kufungwa. Yeye anabaki mwanachama, ananunua hisa kama kawaida. Alichoacha ni kalamu.

Uhazini ni wa kuchaguliwa, na hawezi kumpa rafiki yake funguo. Lipo jambo moja la wakati ambalo huleta majonzi makanisani: mtu hunyamaza mpaka kamati ya uteuzi imesoma jina lake mbele ya washiriki, ndipo anasema hapana, au anasema ndiyo huku moyo wake ukisema hapana. Amwone mzee wa kanisa kabla kamati hiyo haijaketi. Aseme kwamba atamaliza kipindi na hataendelea, na aombe msaidizi wa mhazini aanze kufanya kazi badala ya kuwa jina kwenye karatasi. Siku ya makabidhiano fedha taslimu zihesabiwe mbele ya mashahidi wawili, iandikwe namba ya risiti ya mwisho iliyotumika, salio la daftari lilinganishwe na la benki, na jina lake liondolewe kwenye watia sahihi kwa barua ya baraza la kanisa. Vitabu vikaguliwe. Asiyekaguliwa anapoondoka hubaki mhazini kwa miaka, kwa maana kila upungufu utakaoonekana baadaye utamrudia, hata kama si wake.

Hapo linakuja suala la ahadi. Zaburi 15:4 humsifu mtu ambaye habadili neno lake hata likimletea hasara. Je, mwalimu huyu havunji neno? Mithali 6:1–5 inamsemesha mtu aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake kwa ajili ya jirani. Haimwambii akae kimya afe na mzigo, wala haimwambii atoroke. Inamwambia aende, ajinyenyekeze, amsihi jirani mpaka afunguliwe, na asilale kabla hajafanya hivyo. Ni kweli kwamba maneno hayo yanahusu kudhamini deni, na si haki kuyanyoosha kupita kiasi. Lakini njia yake inafaa kwa ahadi nyingi: mwenye kufungua ni yule aliyeahidiwa, na anaendewa kwa miguu. Kwaya ni mfano. Aliahidi kuimba, kwa hiyo amwendee kiongozi wa kwaya, amwambie saa 5 hizo hazipo tena, na aombe ruhusa ya mwaka mmoja. Kutoonekana mazoezini juma baada ya juma mpaka waelewe wenyewe ni kuvunja neno, ingawa hakuna neno lililosemwa.

Pengine kwaya ndiyo kazi aipendayo kuliko zote, na wapo watakaosema kwamba asiiache basi. Wana hoja. Mtu anayebakiza wajibu mtupu hukauka. Kama angeweza kubaki na zoezi moja kwa juma, hilo lingekuwa jibu bora, na aulize kwanza. Lakini kama kwaya haikubali nusu, hawezi kulipa furaha yake kwa Alhamisi za bibi.

Kumchagua mrithi ndipo makosa mengi yanapotokea. Aliyelemewa hutafuta aliye karibu na asiyeweza kukataa: binti wa nyumbani, mke mdogo wa shemeji, kijana aliyebatizwa mwezi jana. Mzigo umehama, haujapungua, na umehamia kwa mwenye sauti ndogo zaidi. Binti wa kidato cha pili aliyempeleka bibi yake kliniki alikuwa mrithi wa namna hiyo. Kutoka 18:21 inataja sifa: watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Kupatikana kwa urahisi hakumo. Matendo 6 inaongeza jambo lingine. Wale saba wote, kuanzia Stefano mpaka Nikolao, wana majina ya Kiyunani. Inaelekea kwamba kanisa liliwachagua kutoka upande wa wale walioumia, watu waliowafahamu wajane hao na kusema lugha yao. Kwa michango ya ukoo, basi, atafutwe anayeumizwa na kuchelewa kwa michango, labda shemeji ambaye kila msiba hujikuta akitoa fedha ya jeneza mfukoni mwake akingoja wengine. Huyo atakusanya kwa bidii.

Na mrithi akishapatikana, kunabaki jambo gumu la kunyamaza. Katika Hesabu 11 roho iliwashukia wazee sabini, na wawili, Eldadi na Medadi, wakatabiri kambini badala ya hemani. Yoshua alitaka wakatazwe. Musa akamuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake. Mhazini mpya atapanga bahasha kwa namna nyingine. Mwandishi mpya ataandika polepole. Namna nyingine si kosa. Hesabu isiyolingana ni kosa, na hilo lisemwe kwa mzee wa kanisa, si kwa kuchukua daftari kulisahihisha nyumbani. Dalili kwamba kazi haijaondoka ni rahisi kuiona: mwezi mmoja baada ya kukabidhi, maswali bado yanakuja kwenye simu ya yule wa zamani. Jibu la kila swali liwe jina la mrithi. Akijibu swali lenyewe, hata moja, kazi imeanza kurudi.

Zipo kazi ambazo hakuna atakayezitaka. Kama hakuna anayetaka kusimamia kamati za harusi, huenda harusi zitakuwa ndogo, na si hasara kubwa. Lakini kama hakuna anayeweza kwenda kwa bibi mjane, kazi hiyo hairuhusiwi kufa. Kipimo ni kile kile cha Matendo 6: nani atakosa chakula?

Mwalimu huyu akifuata njia hiyo, saa 10 za harusi, kwaya na ukoo zinarudi ndani ya majuma machache, saa 4 za kikoba zinarudi mzunguko ukifungwa, na 4 za uhazini mwisho wa kipindi. Miezi ya kwanza haitakuwa nyepesi, kwa maana kumfundisha mtu kazi huchukua muda kuliko kuifanya. Kinachobaki ni saa 6: watoto wa Shule ya Sabato, mama yake, na Alhamisi. Binti anarudi shuleni siku ya kliniki. Wengine watasema amepoa kiroho, hasa wa kwaya, na hilo hatalizuia. Saa zilizorudi zitaombwa tena kabla ya mwaka kwisha, pengine na watu wale wale, na kwa sababu nzuri. Ndiyo maana karatasi ile yenye safu mbili inafaa itunzwe ndani ya Biblia, isomwe kabla ya kamati ya uteuzi kuketi tena.

Kwa mjadala wa darasa: Katika kanisa lenu, ni nani ambaye huduma yake ikikoma leo ataonekana amekosa kitu baada ya mwezi mzima tu, kwa sababu hana wa kumsemea? Na ni nani kati yenu mwenye vyeo vitatu au zaidi? Zungumzeni kama kuna uhusiano kati ya majibu hayo mawili.